Mti Uliokariri Visima

Kwenye slaidi za somo la ujifunzaji wa mashine kuna mchoro mmoja ambao karibu kila mhadhiri huuonyesha, na karibu kila mwanafunzi huunakili bila kuuliza swali. Mistari miwili inaanzia juu, upande wa kushoto. Mmoja ni wa makosa ya modeli kwenye data iliyoifundisha. Huo unashuka tu mpaka unakaribia sifuri. Wa pili ni wa makosa kwenye data ambayo modeli haijawahi kuiona. Huo unashuka pamoja na mwenzake kwa muda, kisha unageuka na kuanza kupanda. Chini yake pameandikwa kwamba kushoto modeli ni nyepesi mno, kulia modeli imekariri, na pazuri ni katikati. Slaidi inayofuata inasema: gawa data yako, asilimia 80 ya kufundishia, asilimia 20 ya kupimia. Somo linaendelea.

Yote hayo ni kweli, lakini mwanafunzi anaondoka darasani bila kujua kwa nini mstari wa pili ugeuke. Kwa nini modeli inayozidi kuijua data yake izidi kukosea kwingine? Kama umesoma takwimu za mwanzo, jibu tayari unalo. Ulikutana nalo siku ulipoambiwa kwamba ukitafuta varianzi ya sampuli, ugawanye kwa n − 1, si kwa n. Wengi huipokea kanuni hiyo kama amri. Tuirudie polepole, maana ndani yake ndimo ulimo mchoro wote wa slaidi.

Chukua visima vitatu vya kuchimba vya mfano, tuseme huko Chamazi, vyenye kina cha mita 40, 50 na 75. Wastani wake ni 55. Tofauti na wastani huo ni −15, −5 na 20; miraba yake ni 225, 25 na 400; jumla 650. Sasa tuseme wastani wa kweli wa visima vyote vya eneo hilo, ambao hatuujui, ni 60. Tukipima tofauti kutoka 60 tunapata −20, −10 na 15, miraba ni 400, 100 na 225, jumla 725. Ni kubwa kuliko 650, na hii si bahati ya namba nilizochagua. Wastani wa sampuli ndiyo namba inayoipa sampuli hiyo jumla ndogo kabisa ya miraba. Umeuchukua kutoka kwenye visima vilevile vitatu, kwa hiyo unavipendelea. Kila mara utapata jumla iliyo ndogo kuliko ile ya wastani wa kweli, au kwa nadra sana iliyo sawa nayo. Kugawanya kwa n − 1 ni kurekebisha upendeleo huo.

Sasa achimbe mtu kisima cha nne, nawe umtabirie kina kwa kutumia 55 yako. Ukiita varianzi ya kweli σ², basi wastani wa mraba wa kosa kwenye visima ulivyotumia ni σ²(1 − 1/n), na kwenye kisima kipya ni σ²(1 + 1/n). Kwa visima vitatu, hizo ni theluthi mbili za σ² na theluthi nne za σ². Kosa kwa mgeni ni mara mbili ya kosa kwa wenyeji. Na hapo modeli yako ni namba moja tu, wastani!

Hiyo ndiyo modeli ndogo kuliko zote duniani, na tayari imekariri kidogo. Kila namba nyingine unayoiruhusu modeli ijitafutie kutoka kwenye data inaongeza sehemu yake kwenye pengo hilo: makosa ya ndani yanashuka zaidi, na data mpya inalipa zaidi. Kama namba hiyo imeshika jambo la kweli, faida yake inazidi gharama na mistari yote miwili inashuka. Mambo ya kweli yakiisha, gharama inabaki peke yake, na mstari wa pili unageuka. Kwenye mstari wa rigresheni unaweza kuzihesabu namba hizo kwa vidole, ukarekebisha kwa fomula kama ulivyofanya na n − 1. Kwenye mti wa maamuzi wenye maelfu ya matawi hakuna anayejua ahesabu nini. Ndiyo maana tunatenga data pembeni: pengo ambalo hatuwezi kulikokotoa, tunalipima.

Tulipime basi kwenye data ya hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2011 na 2013 hasa, wakusanyaji wa takwimu walizunguka nchi nzima wakiandika hali ya vituo vya kuchotea maji: pampu za mkono, visima virefu, mabomba ya jumuiya. Takwimu hizo za Wizara ya Maji, zilizopitia jukwaa la Taarifa, ziliwekwa kwenye tovuti ya mashindano ya DrivenData kwa jina la `Pump it Up: Data Mining the Water Table`. Jedwali la kufundishia lina vituo 59,400. Kila kituo kina safu zaidi ya 30: nani alitoa fedha, nani alijenga, mwaka wa ujenzi, aina ya pampu, wingi wa maji, latitudo na longitudo, mkoa, wilaya, kata. Kinachotakiwa ni kutabiri safu ya `status_group`, yenye majibu matatu. Vituo 32,259 ni `functional`, yaani vinatoa maji. 4,317 ni `functional needs repair`, vinatoa maji ila vinahitaji matengenezo. Na 22,824 ni `non functional`, vimekufa.

Kabla ya modeli yoyote, fanya hesabu moja. Mtu ambaye hajafungua hata safu moja, akijibu `functional` kwa kila kituo, atapatia 32,259 kati ya 59,400, ambayo ni asilimia 54.3. Hiyo ndiyo sakafu. Modeli inayoleta 56 haijafanya kazi ya kutajika.

Sasa tuupe kazi mti wa maamuzi. Mti huuliza maswali ya ndiyo na hapana, na kila swali linaigawa data sehemu mbili. Maswali yake ya mwanzo kwenye jedwali hili ni ya maana. Kuna safu ya `quantity` inayosema wingi wa maji, na moja ya majibu yake ni `dry`, pakavu. Karibu vituo 97 katika kila 100 vilivyoandikwa hivyo havifanyi kazi. Hilo ni jambo la kweli kuhusu visima, litakuwa kweli Temeke na litakuwa kweli Tabora. Mti ukiligundua, mistari yote miwili ya slaidi inashuka.

Ila mti hauishii hapo usipouzuia. Unaendelea kuuliza mpaka kila jani libaki na vituo vya jibu moja. Fikiria idadi ya majani: kila ngazi ya kina inaweza kuyazidisha mara mbili. Kwenye kina cha 10 yanaweza kufika 1,024, bado kila jani lina makumi ya vituo kwa wastani. Kwenye kina cha 16 yanaweza kufika 65,536, na hiyo inazidi idadi ya vituo vyote tulivyo navyo. Tangu hapo hakuna kinachouzuia mti kukipa kila kituo jani lake.

Na vya kukaririwa vipo tele. Angalia safu ya `wpt_name`, jina la kituo. Ukiisoma unasikia nchi ikizungumza: Shuleni inatokea mara 1,748, Zahanati mara 830, Msikitini 535, Kanisani 323, halafu Bombani, Sokoni, Ofisini, na maelfu ya vituo vinavyoitwa "Kwa" fulani, kwa jina la mwenye uwanja. Kuna majina tofauti yapatayo 37,400 kwa vituo 59,400. Mengi yake yanatokea mara moja tu. Mti ukijua kwamba kituo cha "Kwa" fulani kimekufa, umepatia swali hilo kwa uhakika kabisa, na haujajifunza chochote kitakachoufaa kwenye kituo kingine chochote. Latitudo na longitudo ni mtego wa aina hiyohiyo: ukizikata nyembamba vya kutosha, kila kisima kinapata kiboksi chake kwenye ramani.

Ili kuliona hilo kwa macho, tuandike slaidi kwa msimbo. Chukulia kwamba `X` ni safu zote zilizogeuzwa kuwa namba na `y` ni majibu.

```python
from sklearn.model_selection import train_test_split
from sklearn.tree import DecisionTreeClassifier

X_fund, X_pima, y_fund, y_pima = train_test_split(
    X, y, test_size=0.2, stratify=y, random_state=7)

for kina in [1, 5, 10, 15, 20, None]:
    mti = DecisionTreeClassifier(max_depth=kina, random_state=7)
    mti.fit(X_fund, y_fund)
    print(kina, mti.score(X_fund, y_fund), mti.score(X_pima, y_pima))
```

Mistari ya mwanzo inatenga vituo 47,520 vya kufundishia na 11,880 vya kupimia. Neno `stratify` linahakikisha kwamba vile vituo vichache vya matengenezo havirundikani upande mmoja. Kisha tunapanda miti sita, kuanzia wa swali moja hadi usio na kikomo, na kila mti tunaupima mara mbili.

Ukiendesha msimbo huu utaona safu ya kwanza ya alama ikipanda bila kurudi nyuma, mpaka mti usio na kikomo unapata zaidi ya asilimia 99 kwenye data iliyoufundisha. Safu ya pili inapanda kwa muda, inasimama, kisha inateleza. Mti uleule wa asilimia 99 unaangukia takribani 75 kwenye vituo vipya. Pengo la alama zaidi ya 20 ni kukariri kunakoonekana waziwazi. Kwa kulinganisha, msitu nasibu, yaani mamia ya miti inayopiga kura, hufika karibu 80 au 81, na washindani waliohangaika na data hii kwa miaka walipita 82 kidogo tu.

Mbona hakuna anayefika 95? Kwa sababu kuna mambo ambayo jedwali haliyajui. Pampu mbili za aina moja, zilizojengwa mwaka mmoja na mkandarasi mmoja, zinaweza kutofautiana kwa kuwa kamati ya maji ya mtaa mmoja ilikusanya fedha za spea na ya mtaa wa pili haikukusanya. Koki imeibwa, kebo imekatwa. Tena mstari kati ya kituo kizima na kinachohitaji matengenezo aliuchora mkusanyaji wa takwimu aliyesimama hapo siku hiyo, na mwenzake huenda angeuchora pengine. Mti unaopatia hata vituo hivyo kwa asilimia 99 hauna siri tusiyoijua. Umekariri matokeo ya koki iliyoibwa. Ndiyo maana alama ya juu mno kwenye data ya kufundishia inapaswa kukutia shaka.

Mwanafunzi mmoja wa Mbagala aliwahi kuniuliza hapa swali zuri.

"Mwalimu, data yenyewe tunalia haitoshi. Sasa hiyo asilimia 20 tunaitupa bure?"

"Hatuitupi. Wewe ulipokuwa kidato cha nne ulifanya mitihani ya miaka iliyopita, siyo? Mingine ukaisoma na majibu yake, na mmoja ukauacha ujipime nao."

"Naam. Lakini ukishauona majibu yake, mwalimu, haukupimi tena."

Alikuwa ameliweka sawasawa, na jibu lake linaugusa msimbo wetu kwa namna ambayo bado hajaiona. Tutalifikia. Kwanza tumalize swali lake la asilimia 20: zinatosha?

Kwa nchi nzima zinatosha vizuri. Alama ya modeli kwenye data ya kupimia ni uwiano, kama uwiano wa kura kwenye sampuli, na kosa sanifu lake unalijua: kipeuo cha pili cha p(1 − p)/n. Kwa p ya 0.8 na n ya 11,880 unapata karibu 0.0037. Alama yako ya asilimia 80 ina shaka ya chini ya alama moja juu au chini. Hakuna la kulalamikia.

Sasa njoo Dar es Salaam. Mkoa mzima una vituo 805 kwenye jedwali hili: Ilala 497, Temeke 215, Kinondoni 93. Wilaya hizo ni za mipaka ya zamani, kabla ya Kigamboni kumegwa kutoka Temeke na Ubungo kumegwa kutoka Kinondoni, kwa hiyo vituo vya Kigamboni usivitafute kwa jina lake kwenye safu ya wilaya. Tuseme unataka kujua modeli yako inafanyaje Kinondoni. Asilimia 20 ya 93 ni vituo 19. Weka 19 kwenye fomula ileile: kosa sanifu ni 0.09, na ukilizidisha mara mbili unapata alama 18 kila upande. Modeli ya kweli ya asilimia 80 inaweza kukuonyesha 63, inaweza kukuonyesha 95, bila chochote kubadilika isipokuwa vituo vilivyoangukia upande wa kupimia. Badilisha `random_state=7` iwe 8 na namba itaruka.

Dawa ya kawaida ni kupima kwa zamu. Unavigawa vituo mafungu matano. Fungu la kwanza linakaa pembeni, manne yanafundisha, unapima. Kisha la pili linakaa pembeni, na kuendelea mpaka la tano. Mwishoni kila kituo cha Kinondoni kimepimwa mara moja, na kila mara na mti ambao haukukiona. Sasa una vipimo 93 badala ya 19, na shaka inapungua mpaka alama kama nane kila upande. Bado ni kubwa. Vituo 93 ni vituo 93, na hakuna mgawanyo utakaovigeuza kuwa elfu.

Lakini kuna tatizo kubwa kuliko uchache, nalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote katika sura hii. `train_test_split` huchanganya vituo kama karata kabla ya kugawa. Inachukulia kwamba kila kituo kinajitegemea, kama ulivyochukulia kwenye takwimu ulipoandika kwamba sampuli ni huru. Vituo vya maji haviko hivyo. Fikiria mradi mmoja wa kata ya pembezoni: kisima kirefu kimoja, pampu moja ya umeme, tangi moja, na mabomba yanayopeleka maji kwenye vituo kumi vya mtaani. Pampu ikiungua, vituo vyote kumi vinakauka siku moja. Kwenye jedwali hiyo ni mistari kumi, yenye mfadhili mmoja, mjenzi mmoja, mwaka mmoja, longitudo zinazotofautiana kwenye tarakimu za mwisho tu, na jibu moja.

Changanya karata, na wastani wa vinane kati ya kumi hivyo vinakwenda kufundishia, viwili vinakwenda kupimia. Mti unaulizwa kuhusu hivyo viwili. Hauhitaji kujua lolote kuhusu pampu. Unatazama longitudo, unakuta majirani wanane waliokufa, unajibu kwamba navyo vimekufa. Umepatia kwa kukariri, na kipimo chako kimeuhesabia alama. Kukariri kumevuka ukuta uliojengwa kukuzuia, na mstari wa pili wa slaidi hautakuonya, maana wenyewe umeshanunuliwa.

Jiulize basi modeli utaitumia wapi. Kama kata zote zimeshatembelewa, na unachotaka ni kujaza vituo vichache vilivyorukwa katikati ya vingine, mgawanyo wa kuchanganya unakupa namba ya haki: hata kazini majirani watakuwepo. Ndivyo mashindano yenyewe yalivyo. Data yao ya kupimia ina vituo 14,850. Ukijumlisha na 59,400 unapata 74,250, na 59,400 ni asilimia 80 kamili ya hiyo. Lakini kama mhandisi anataka kujua hali ya kata ambayo hakuna mkusanyaji aliyefika, basi kata nzima iwe upande mmoja wa ukuta. Gawa kata, usigawe vituo. Hapa `df` ni jedwali lenyewe, kabla safu hazijageuzwa kuwa namba:

```python
from sklearn.model_selection import GroupShuffleSplit

kata = df["region"] + "/" + df["lga"] + "/" + df["ward"]
gawa = GroupShuffleSplit(n_splits=1, test_size=0.2, random_state=7)
fund, pima = next(gawa.split(X, y, groups=kata))
```

Nimeunganisha mkoa, wilaya na kata kwa makusudi, kwa sababu jina moja la kata hupatikana katika wilaya tofauti, na usipounganisha utafunga pamoja sehemu zisizojuana. Tegemea alama ishuke ukipima hivi. Modeli ni ileile, haijaharibika. Alama zilizopotea ni zile zilizokuwa zinatoka kwa majirani. Utaona pia kwamba safu zilizokuwa zinaonekana muhimu, longitudo na latitudo hasa, zinapoteza nguvu, huku wingi wa maji na aina ya pampu vikibaki imara.

Uvujaji mwingine ni wa kimyakimya zaidi. Safu ya `construction_year` ina sifuri kwenye vituo 20,709, maana yake mwaka haukujulikana. Mtu anayajaza mapengo hayo kwa kuweka mwaka wa katikati wa jedwali zima, kisha ndiyo anagawa. Mwaka huo wa katikati umeshaionja data ya kupimia. Kwa safu hii madhara ni madogo, sitakudanganya. Ila mwingine anachukua safu ya jina la mfadhili na kuibadilisha kuwa kiwango cha vifo vya visima vyake, akihesabu kwa jedwali zima; hapo kila kituo cha kupimia kimepewa sehemu ya jibu lake mwenyewe, na kwa mfadhili mwenye kisima kimoja kimepewa jibu zima. Gawa kwanza. Kila namba inayotokana na data, uwe wastani, uwe mwaka wa katikati, ihesabiwe upande wa kufundishia tu, kisha ipelekwe ng'ambo ikiwa imekamilika.

Sasa turudi kwenye msimbo wa kwanza na jibu la kijana wa Mbagala. Tazama kitanzi kile cha miti sita. Tulipima kila mti kwenye `X_pima`, na bila shaka ulikuwa unajiandaa kuchagua ule wenye alama ya juu na kuandika alama hiyo kwenye ripoti. Ukifanya hivyo, data ya kupimia imefanya kazi ya kufundisha. Umeitumia kuchagua kina, na kina ni namba nyingine iliyotafutwa kutoka kwenye data, sawa na ule wastani wa 55.

Ukubwa wa udanganyifu huo unaweza kuukokotoa. Tuseme unapima kwa vituo 161, asilimia 20 ya Dar es Salaam. Kosa sanifu kwa modeli ya asilimia 80 ni karibu alama 3.2. Jaribu modeli 20 ambazo zote, kwa kweli, ni za asilimia 80 kamili, na makosa yao hayahusiani. Wastani wa iliyo juu kabisa kati ya namba 20 za mgawanyo wa kawaida ni karibu mikengeuko sanifu 1.87 juu ya kati. Zidisha na 3.2: alama sita. Utaipeleka kwa mkubwa wako modeli ya asilimia 86 ambayo haipo. Modeli halisi hupimwa kwenye vituo vilevile na makosa yake huhusiana, kwa hiyo nyongeza itakuwa ndogo kidogo, lakini mwelekeo ni uleule, na inakua kadiri unavyojaribu zaidi. Kwa vituo 11,880 vya nchi nzima nyongeza hiyo haifiki alama moja, ndiyo maana wengi hawaioni mpaka wanaposhuka ngazi ya wilaya.

Kwa hiyo mafungu yanakuwa matatu. La kwanza linafundisha. La pili ni la kuchagulia: kina cha mti, safu za kuacha, aina ya modeli, hayo yote yaamuliwe hapo, kwa zamu za mafungu matano ukipenda, mradi yanagawanywa kwa kata. La tatu linafungwa siku ya kwanza na kufunguliwa mara moja, modeli ikiwa imeshachaguliwa. Namba inayotoka humo ndiyo unayoiandika, hata kama imekuuma. Ukirudi kurekebisha modeli baada ya kuiona, fungu la tatu limekuwa la pili, na unahitaji data nyingine.

Na kuna swali ambalo hakuna mgawanyo wa jedwali hili utakaolijibu. Watu wa mtaani, wenye dumu mkononi, hawaulizi kama pampu ilikuwa nzima siku mkusanyaji alipopita. Wanauliza kama mwezi ujao itatoa maji. Mtu anaweza kujaribu kugawa kwa safu ya `date_recorded`, afundishe kwa vituo vya 2011 na kupima kwa vya 2013, akaamini amepima utabiri wa mbele. Lakini kila kituo kiliandikwa mara moja tu. Vituo vya 2013 ni vituo vingine, sehemu nyingine. Ndani ya jedwali hakuna hata pampu moja inayoonekana ikiwa nzima, kisha ikiwa imekufa. Modeli inayofundishwa hapa inajifunza tofauti kati ya pampu na pampu, siyo safari ya pampu moja kuelekea kuharibika. Ili uipime kwa swali la mwezi ujao, inabidi mtu arudi Toangoma na Bunju, kwenye vituo vilevile, akaandike tena.